Miaka ya kuishi na miaka ya uzima: ipi utumie kupanga uzee wako

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba mwanamume anatarajiwa kuishi miaka 60.6 na mwanamke miaka 66.5. Nambari hizo zilifika barazani, na huko zikageuzwa kuwa hesabu ya kutoa. Mtu wa Majengo anayestaafu akiwa na miaka 60 anaambiwa na wenzake, kwa kahawa chungu na kashata, kwamba "kwa mujibu wa serikali" amebakisha miezi saba. Anacheka, lakini kiinua mgongo chake anakipanga kana kwamba ni kweli. Jirani yake, ambaye baba na babu yake waliishi hadi kupita 85, anapanga kinyume: duka atafungua baadaye, Hija ataenda akifika 70, magoti yatamsubiri. Wote wawili wanaamua mambo makubwa kwa nambari ambayo haikutengenezwa kwa swali lao.

Nambari za kuchagua ni mbili. Ya kwanza ni umri unaotarajiwa wa kuishi, ambao hapa nitauita miaka ya kuishi. Ya pili ni umri unaotarajiwa wa kuishi kwa afya, nitauita miaka ya uzima. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha hapa Mombasa. Wazee wanaokaa mbele yangu nawaona wakiishi ndani ya pengo lililoko kati ya nambari hizi mbili, ndiyo maana nataka zitofautishwe vizuri.

Kila moja inahesabu nini

Miaka ya kuishi inahesabu kifo peke yake. Watakwimu huchukua viwango vya vifo vya mwaka mmoja kwa kila rika, kuanzia watoto wachanga hadi vikongwe, kisha huuliza: mtoto aliyezaliwa leo akipitia viwango hivyo maisha yake yote, ataishi miaka mingapi kwa wastani? Vifo vya watoto wachanga, vya vijana wa bodaboda na vya kina mama wakati wa kujifungua vyote vimo humo. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kufika 60 hawezi kutoa 60 kwenye 60.6. Yeye amekwisha kuzivuka hatari zilizoishusha nambari hiyo. Swali lake ni la miaka inayobaki kwa waliofika 60, na hilo lina hesabu yake. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2019, wastani wa dunia kwa mtu wa miaka 60 ulikuwa kama miaka 21 zaidi, na kati ya hiyo kama 16 ilihesabiwa kuwa ya uzima.

Miaka ya uzima inaanza na miaka ile ile, kisha inapunguza muda unaoliwa na maradhi na ulemavu. Kwa makadirio ya shirika hilo hilo ya 2019, mtoto anayezaliwa duniani alitarajiwa kuishi kama miaka 73, na miaka ya uzima ilikuwa kama 64. Kwa Kenya zilikuwa kama 66 na 58. Utaona 66 hiyo hailingani sawasawa na nambari za sensa. Ni kwa sababu wanaokadiria wana njia tofauti, kwa hiyo usichukue miaka ya uzima ya mmoja ukaitoa kwenye miaka ya kuishi ya mwingine.

Pengo la miaka minane nalo husomwa vibaya. Watu hudhani maana yake ni kwamba Mkenya hulala kitandani miaka minane ya mwisho. Sivyo. Pengo hilo ni jumla ya vipande vilivyotawanyika katika maisha yote: malaria ya utotoni, maumivu ya mgongo ya mchukuzi wa Kongowea mwenye miaka 35, huzuni inayomfungia mtu ndani, sikio lililoziba, kisha mizigo ya uzeeni. Ila kweli sehemu kubwa inaangukia mwishoni, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu wa 60 bado anaweza kuifanyia kitu.

Miaka inaongezeka, uzima unabaki nyuma

Kati ya mwaka 2000 na 2019, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, miaka ya kuishi duniani iliongezeka kwa 6.6. Miaka ya uzima iliongezeka kwa 5.4. Shirika lenyewe lilieleza kwamba hata hayo mafanikio ya uzima yalitokana na vifo kupungua, wala si watu kuishi muda mfupi zaidi na ulemavu. Kwa maneno mengine, tumekuwa hodari wa kuzuia mtu asife, lakini hatujawa hodari vile vile wa kuzuia asiumwe.

Haina maana kwamba kila mwaka wa ziada ni wa mateso. Dawa za ARV ni mfano wa upande wa pili: mtu aliyekuwa akidhoofika anaanza dawa, anarudi kazini, analea watoto wake. Dawa hiyo inaongeza nambari zote mbili kwa pamoja kwa sababu inauzuia ugonjwa wenyewe usiuharibu mwili. Tofauti inakuja pale tiba inapofika baada ya uharibifu kutokea. Mtu anaokolewa, lakini anaokolewa akiwa na sehemu ya mwili iliyokwisha kupotea.

Kwa mji wetu, mfano ulio wazi kuliko yote ni presha na kiharusi, kwa hiyo nitakaa hapo.

Njia mbili, wazee 100

Tuseme mtaa una wazee 100 wanaofika miaka 60 pamoja. Nambari za mfano huu nimezitunga mimi ili hesabu ionekane, lakini njia ya kuhesabu ni ile inayotumika kweli. Iliwekwa na Mmarekani Daniel Sullivan mwaka 1971, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuifanya kwa kalamu.

Hali ya sasa ya mtaa ni hii. Kati ya miaka 60 na 69 wazee hao wanaishi jumla ya miaka 900. Kama hakuna ambaye angekufa ingekuwa 1,000. Sehemu moja ya kumi ya muda huo wako katika ulemavu, basi miaka ya uzima ni 810. Kati ya 70 na 79 wanaishi jumla ya miaka 600, na robo yake ni ya ulemavu, zinabaki 450. Kuanzia 80 wanaishi miaka 200 tu kwa jumla, nusu yake ulemavu, inabaki 100. Jumlisha: miaka 1,700 ya kuishi, miaka 1,360 ya uzima. Gawa kwa watu 100. Kila mmoja ana miaka 17 mbele yake, na 13.6 kati ya hiyo ni ya uzima.

Sasa mtaa una fedha za jambo moja. Njia ya kwanza ni kuokoa waliokwisha kupigwa na kiharusi: ambulansi, vitanda, oksijeni, lakini presha za mtaani zinaachwa kama zilivyo na hakuna mazoezi ya viungo baada ya mtu kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wengi hawafi tena. Miaka ya kuishi katika rika tatu inapanda hadi 940, 680 na 250. Lakini waliookolewa wanarudi nyumbani na mkono uliopooza, kwa hiyo sehemu ya ulemavu inapanda pia: asilimia 15, kisha 30, kisha 50.

Njia ya pili ni kudhibiti presha kabla haijapasua wala kuziba mshipa: kupima, dawa za kila siku, kufuatilia. Hapa vifo vinapungua kwa sababu viharusi vyenyewe vinapungua. Miaka inakuwa 950, 650 na 250, na sehemu ya ulemavu inashuka hadi asilimia 8, kisha 20, halafu 50 kwa vikongwe kama zamani.

| Kwa kila aliyefika miaka 60 | Hali ya sasa | Kuokoa waliopigwa na kiharusi | Kudhibiti presha |
|---|---|---|---|
| Miaka ya kuishi | 17.0 | 18.7 | 18.5 |
| Miaka ya uzima | 13.6 | 14.0 | 15.2 |
| Miaka ya maradhi | 3.4 | 4.7 | 3.3 |

Ukitazama mstari wa kwanza tu, njia ya kwanza imeshinda. Ukishuka mstari wa pili, imeshindwa kwa zaidi ya mwaka mzima kwa kila mzee. Ya kwanza imeongeza miaka 1.7, lakini 1.3 ya hiyo ni ya maradhi. Ya pili imeongeza miaka 1.5 na yote imeingia kwenye uzima. Na kwa wazee 100, tofauti hiyo ya maradhi ni miaka 140 ya kumgeuza mtu kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, kumlisha kwa kijiko, na kumshusha ngazi nyembamba za ghorofa ya Mji wa Kale akiwa amebebwa kwenye kiti kila siku ya kliniki. Aghlabu mbebaji wa miaka hiyo ni binti aliyeacha kazi. Yeye hamo katika safu yoyote ya jedwali hili.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu hospitali. Wodi maalumu ya kiharusi, yenye timu ya wauguzi, wataalamu wa viungo na wa usemi, hupunguza vifo na hupunguza ulemavu pia. Mtu aliyezibwa na damu iliyoganda akifikishwa ndani ya saa nne na nusu, akapigwa picha ya ubongo ya CT kuhakikisha si mshipa uliopasuka, anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukianguka, maneno yakiwa mazito, saa hiyo hiyo ni ya kukimbia, si ya kwanza kutafuta mkandaji. Niliyoiweka katika njia ya kwanza ni huduma inayoishia kwenye kuokoa roho, na familia nyingi ndiyo zinayoijua.

Presha ya ami

Ami yangu ni mstaafu wa bandarini. Siku moja nilimpima nyumbani kwake ikawa 168 kwa 102.

"Ami, dawa wazinywa?"

"Nazinywa, mwanangu. Kichwa kikiniuma."

"Na kisipouma?"

"Kisipouma n'na presha gani?"

Jibu hilo nalisikia kila juma kliniki, na ndani yake ndimo miaka ya uzima inamopotelea. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu anaweza kutembea na 168 miaka kumi akijiona mzima, na utafiti wa kitaifa wa 2015 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hao wote, kwenye fomu za takwimu, wanaandikwa wazima mpaka siku wanapoanguka.

Ami alikuwa na sababu ya pili ambayo hakuitaja mpaka nilipomtazama miguu. Amlodipini, dawa aliyopewa, ilimvimbisha vifundo, na mwenzake barazani akamwambia figo zimekufa. Akapunguza dawa kimyakimya. Kuvimba huko ni athari inayojulikana ya dawa hiyo, hasa dozi ikiwa kubwa, na tiba yake ni kurudi kwa tabibu apunguze dozi au abadilishe. Bila shaka miguu iliyovimba inaweza kuwa ya figo au moyo pia, ndiyo sababu inatazamwa na tabibu badala ya kuamuliwa barazani. Alibadilishiwa dawa. Na ng'onda wa kila Ijumaa tulikubaliana aloweshwe na maji yamwagwe, kwa sababu chumvi inayopendekezwa kwa siku ni chini ya gramu tano, kijiko kidogo kimoja kwa chakula chote, na kipande kimoja cha samaki mkavu kinaweza kuila sehemu kubwa ya hiyo.

Anayepima nyumbani apime kama inavyotakiwa, la sivyo nambari itamdanganya. Keti dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono wazi umewekwa usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nusu saa iwe imepita tangu kahawa au sigara. Pima mara mbili, chukua wastani. Ikipimwa kliniki siku mbili tofauti ikawa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, kichwa kiume kisiume.

Tiba zisizoongeza siku hata moja

Kama miaka ya kuishi ingekuwa kipimo pekee, upasuaji wa mtoto wa jicho ungeonekana kazi bure, kwa kuwa mtoto wa jicho hauui. Hapa ndipo miaka ya uzima inapoonyesha kitu ambacho nambari ya kwanza haikioni kabisa.

Wanaokadiria mzigo wa magonjwa duniani hukipa kila kilema uzito kati ya 0, ambayo ni afya kamili, na 1, ambayo ni sawa na kifo. Upofu wamekadiria 0.187. Kiharusi kizito, cha mtu asiyetoka kitandani au kwenye kiti cha magurudumu na mwenye shida ya kusema, 0.552. Mguu mmoja uliokatwa bila kupewa mguu bandia ni 0.173, lakini ukipewa na ukafunzwa kuutumia unashuka hadi 0.039.

Chukua mama wa Kisauni mwenye miaka 68 aliyepofushwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na tuseme ataishi miaka minane zaidi. Miaka minane mara 0.187 ni karibu mwaka mmoja na nusu wa uzima unaorudishwa na upasuaji ambao mara nyingi hauchukui hata saa moja kwa jicho. Umri wa kufa kwake haukubadilika. Mgonjwa wa kisukari aliyekatwa mguu akiwa na miaka kumi mbele yake anapata zaidi ya mwaka mmoja na robo kwa mguu bandia peke yake. Familia zinazochanga kwa ajili ya mzazi huwa na haraka ya kuchangia kinachozuia kifo, na hilo ni jambo la kibinadamu. Lakini baada ya jeraha kupona, mchango wa mguu bandia husahaulika, na mzee anakaa uwani akitazama mlango.

Uzito huu una mipaka ambayo lazima isemwe. Ulitokana na kuwauliza watu wengi, wa nchi mbalimbali, walinganishe hali mbili za afya na kusema ni ya nani aliye na afya bora. Haupimi thamani ya mtu. Mzee aliyepooza ambaye wajukuu wanakaa miguuni pake kila jioni anaweza kuwa na furaha kuliko mzima anayekaa peke yake Nyali. Pia uzito ni mmoja kwa wote, ilhali kukosa mguu kwenye ghorofa ya tatu isiyo na lifti si sawa na kukosa mguu kwenye nyumba ya chini yenye barabara ya lami.

Kipimo kinavyoweza kupotoka

Miaka ya kuishi inategemea kuhesabu vifo. Kifo ni tukio la wazi, ingawa vile vya nyumbani vinaposajiliwa vibaya hesabu hupungua. Miaka ya uzima inahitaji jambo gumu zaidi: kumuuliza mtu hali yake.

Muulize mzee wa Mombasa, "Afya yako waionaje?" Atakujibu, "Alhamdulillahi, sijambo," hata akiwa ameshikilia ukuta. Ni adabu, ni imani, na si mahali pa kuanza kulalamika mbele ya mgeni mwenye karatasi. Ukiandika jibu hilo kama lilivyo, mtaa mzima utatokea kuwa na afya njema. Swali bora linauliza kazi: je, una shida kuona hata ukivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka na kuwa makini? Kujiosha na kuvaa? Kueleweka unapozungumza? Hayo sita ndiyo yaliyotumika katika sensa ya 2019.

Hata hapo, mstari unaochora unaamua jibu. Sensa hiyo iliwahesabu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya watu wa miaka mitano na kuendelea, kwa sababu ilichukua waliosema wana shida kubwa au hawawezi kabisa. Mwenye "shida kiasi" ya ngazi hakuhesabiwa. Ukimwingiza, miaka ya uzima inashuka ghafla bila mtu yeyote kuumwa zaidi. Kwa hiyo ukiambiwa kaunti moja ina miaka mingi ya uzima kuliko nyingine, uliza kwanza kama ziliulizwa swali moja na kukata mstari mahali pamoja.

Wanawake wanahitaji jicho la pekee katika ulinganisho huu. Duniani, kwa makadirio ya 2019, waliwapita wanaume kwa kama miaka mitano ya kuishi, lakini kwa miaka ya uzima tofauti ilikuwa kama miwili na nusu. Nusu ya ziada yao inaliwa na maradhi yasiyoua haraka: magoti, mgongo, macho, huzuni. Na kwa kuwa waume zao mara nyingi hutangulia, wanaifikia miaka hiyo bila mwenzi wa kuwauguza, baada ya kuwauguza wengine.

Ipi kwa uamuzi upi

Kwa fedha za kuishi, tumia miaka ya kuishi, tena ile ya waliofika umri wako, na uongeze. Ukipanga kiinua mgongo kwa miaka 13 ya uzima halafu ukaishi 20, miaka saba ya mwisho, iliyo ghali kuliko yote kwa dawa na uuguzi, itakukuta mfuko mtupu. Pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, zinaanza ukifika 70 na hazitoshi kumlipa mtu wa kukutunza.

Kwa jambo linalohitaji mwili, tumia miaka ya uzima, na usiifikishe ukingoni. Hija ndiyo mfano ninaoujali zaidi, kwa kuwa naona wazee wengi wakiiahirisha hadi watoto wote waolewe. Tawafu na sa'i ni kilomita kadhaa kwa miguu kwenye umati na joto. Sheria yenyewe inataka uwezo, na mwili ni sehemu ya uwezo huo. Aliyeshindwa kabisa anaweza kuhijiwa, lakini aliyekuwa na fedha akiwa na 58 na magoti yake mazima hakuwa na sababu ya kungoja 72. Vivyo hivyo duka linalotaka kusimama kutwa, au shamba la Kwale: anza mapema, kisha katikati ya sitini weka mtu wa kuliendesha.

Kwa nyumba, tazama pengo lenyewe. Anayejenga akiwa na 60 ajenge chumba cha kulala na choo chini, mlango upitishe kiti cha magurudumu, bafu liwe na cha kushikia. Kuongeza hayo wakati fundi bado yuko ni gharama ndogo. Kubomoa baadaye mgonjwa akiwa ndani ni mateso.

Na kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti, ukiambiwa mradi fulani wa afya utaongeza miaka ya kuishi, omba mstari wa pili na wa tatu wa jedwali. Uliza dawa za presha zitakuwepo kwenye zahanati ya mtaa mwaka mzima au zitakatika mwezi wa tatu, na aliyeokolewa na kiharusi atapata mtaalamu wa viungo karibu naye au atavuka feri ya Likoni kila mara akiwa amebebwa. Mradi ukiwa na majibu ya maswali hayo mawili, utapunguza pengo. Usipokuwa nayo, miaka utakayoongeza itakuwa kama ile ya njia yangu ya kwanza.